Vitu, bintu, ifintu: kwa nini tunasahau tuliyoyasoma

Mwaka jana karatasi yangu ya mtihani wa isimu linganishi ya lugha za Kibantu ilirudi na 9 juu ya 20. Silabusi nilikuwa nimeisoma mara nne. Mara ya tatu nilipiga mistari kwa biki nyekundu, mara ya nne kwa biki ya kijani. Usiku wa kuamkia mtihani ningeweza kukuambia jedwali la ngeli liko ukurasa gani, na kwamba pembeni yake kuna doa la chai. Nilimfuata asistenti mlangoni nikamwambia neno ambalo wanafunzi wote husema: «Shefu, nilisoma, ila nilisahau.»

Akachukua karatasi, akaweka kidole kwenye swali la wingi wa «kitu» katika Kibemba. Nilikuwa nimeandika ibintu. Jibu ni ifintu. Akasema: «Ndugu yangu, hapa hukusahau. Aliyesahau huacha nafasi tupu. Wewe umeweka bi- ya Ciluba, halafu ukaivisha i- ya Kibemba juu. Umejua mengi, lakini umeyachanganya.»

Maneno hayo yalinikaa. Nilirudi nyumbani nikaipanga upya ile karatasi. Makosa yalikuwa 11. Mawili yalikuwa mambo ambayo kwa kweli sikuwahi kuyashika. Matatu niliyaacha wazi, lakini nilipoona jibu nililitambua papo hapo. Sita yaliyobaki yalikuwa majibu sahihi ya lugha nyingine. Zaidi ya nusu ya «kusahau» kwangu kulikuwa kujibu lugha moja nilipoulizwa nyingine. Hapo nikaanza kusoma saikolojia ya kumbukumbu, si kwa ajili ya mtihani, bali kwa hasira. Ninachotaka kusema hapa ni hiki: katika fakulte ya lugha, adui yetu mkubwa si muda wala kichwa kibovu. Adui ni kufanana. Na namna tunavyosoma, yaani kurudia silabusi mpaka ituzoee, haigusi ugonjwa huo hata kidogo.

Neno moja, hitilafu tatu

Kitenzi «kusahau» kinatudanganya kwa sababu kinafunika mambo matatu. Ili kuyatenganisha tunahitaji picha ya jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi. Picha iliyofundishwa zaidi ni ile ya Richard Atkinson na Richard Shiffrin ya mwaka 1968. Wao waligawa safari ya habari katika vituo vitatu. Kwanza kuna kumbukumbu ya hisi, ambapo kile unachokiona au kukisikia hukaa kitambo kidogo sana, chini ya sekunde moja kwa macho, kisha hupotea usipokijali. Kile unachokijali huingia katika kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo ni finyu na hudumu sekunde chache tu usipokirudiarudia. Mwisho kuna kumbukumbu ya muda mrefu, ambayo hakuna aliyewahi kuona mwisho wa ukubwa wake.

Mwaka 1974 Alan Baddeley na Graham Hitch walionyesha kwamba kituo cha katikati si ghala dogo tu, bali ni meza ya kazi. Wakakiita kumbukumbu tendaji. Juu ya meza hiyo kuna sehemu ya sauti, sehemu ya picha na nafasi, na msimamizi anayegawa umakini. Sehemu ya sauti ndiyo inayotuhusu sisi watu wa lugha. Ni kile kisauti cha ndani unachotumia kushika namba ya simu kati ya kuisikia na kuiandika. Hushika kadiri unavyoweza kutamka kwa sekunde mbili hivi, ndiyo maana orodha ya maneno marefu hushikika vibaya kuliko orodha ya maneno mafupi.

Sasa hitilafu tatu zinaonekana. Ya kwanza ni ya mlangoni: jambo halikuingia. Profesa anasoma, wewe unaandika, mkono unakimbia, na akili yote imekwenda kwenye kuufuata mkono. Daftari limejaa, lakini kichwani hakuna kilichobaki. Ya pili ni ya kutoka: jambo limo, ila hulifikii. Ya tatu ndiyo ya ibintu: jambo limo, njia ya kulifikia ipo, lakini njia hiyo hiyo inakwenda kwa majirani watatu, na jirani mwenye mbio anatokea kwanza. Wanasaikolojia huiita mwingiliano.

Ukitaka kujua yako ni ipi, fanya nilivyofanya na karatasi yangu. Chukua swali ulilokosa, andika jibu sahihi katikati ya majibu mengine matatu ya uongo, jipime siku inayofuata. Usipolitambua hata ukiliona, halikuingia. Ukilitambua mara moja, lilikuwamo na ulikosa njia. Ukisita kati ya mawili, na lile la pili ni la lugha nyingine au la ngeli ya jirani, hapo pana mwingiliano.

Si muda unaokula

Wengi wetu tunafikiri kumbukumbu hufifia kama rangi ya kitambaa juani. Mtu wa kwanza kuipima kusahau kwa namba alikuwa Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1885. Alijifanya mwenyewe kuwa mwanafunzi na mtahini. Alitunga silabi zisizo na maana zipatazo 2300, akazipanga katika orodha, akazikariri mpaka azitaje bila kosa, kisha akapima ni kazi kiasi gani aliyookoa alipozikariri tena baadaye. Baada ya saa moja alikuwa ameokoa asilimia 44 tu ya kazi ya kwanza. Baada ya siku moja, asilimia 34. Baada ya mwezi, asilimia 21. Yaani anguko kubwa huja mapema sana, kisha mteremko unalala.

Mchoro huo unaonekana kusema kwamba muda ndio mwizi. Lakini mwaka 1932 Mmarekani John McGeoch aliuliza swali zuri: je, chuma hushika kutu kwa sababu ya muda? Hapana. Hushika kutu ndani ya muda, lakini kinachokila ni oksijeni. Vivyo hivyo, tusiseme muda unatusahaulisha mpaka tujue ni nini kinachotokea ndani ya muda huo.

Mwaka 1957 Benton Underwood alileta jibu ambalo kila mwanafunzi wa lugha angepaswa kulijua. Alikusanya majaribio mengi yaliyokwisha kuchapishwa, ambamo watu walikariri orodha na kupimwa baada ya saa 24. Muda ulikuwa uleule. Hata hivyo, katika majaribio mengine watu walikumbuka karibu robo tatu ya orodha, na katika mengine robo tu. Tofauti ilitoka wapi? Ilitoka kwenye idadi ya orodha ambazo mtu alikuwa amezikariri kabla. Aliyekuja bila orodha nyingine kichwani alikumbuka karibu asilimia 75 kesho yake. Aliyekuwa amekwisha kukariri orodha nyingi za namna hiyohiyo alishuka hadi karibu asilimia 25. Na Ebbinghaus je? Alikuwa amekariri orodha zisizohesabika, zote za silabi zinazofanana. Mteremko wake mkali haukuwa wa muda peke yake. Alikuwa amejijazia majirani.

Mwingiliano una pande mbili. Kuna la zamani linaloziba jipya: hilo ndilo Underwood alilionyesha. Na kuna jipya linalofunika la zamani: ukijifunza namba mpya ya simu yako, baada ya miezi sita ile ya kale inakukimbia. Pande zote mbili huzidi kadiri vitu vinavyofanana. Hata juu ya ile meza ndogo ya kumbukumbu tendaji sheria ni hiyo. Mwaka 1964 Mwingereza Conrad aliwaonyesha watu herufi kwa macho, si kwa sauti, akawaomba waziandike kwa kukumbuka. Makosa yao hayakufuata sura za herufi. Yalifuata sauti: herufi iliyokosewa ilibadilishwa na ile inayosikika karibu nayo. Kichwa kilikuwa kimezigeuza kuwa sauti, na sauti zinazofanana zikagombana.

Jedwali letu

Sasa chukua jedwali tunalolisoma sisi. Mtu: Kiswahili sanifu mtu, watu, Ciluba muntu, bantu, Kibemba umuntu, abantu, Lingala moto, bato. Jicho: jicho, macho, disu, mesu, ilinso, amenso, liso, miso. Kitu: kitu, vitu, tshintu, bintu, icintu, ifintu, na Lingala eloko, biloko. Angalia ngeli ya 8 peke yake: vi-, bi-, ifi-, bi-. Ni viambishi vya ukoo mmoja, vyenye kazi moja, namba moja, na sauti za midomo zilizo karibu. Kama mtu angetaka kutengeneza mtego wa mwingiliano katika maabara, asingefanya vizuri zaidi. Na huo ndio uzuri wa somo letu: lugha hizi zinafanana kwa sababu ni ndugu. Kinachomfurahisha mwanaisimu ndicho kinachomwangusha mwanafunzi.

Hapa Lubumbashi tuna mzigo wa ziada ambao haumo katika silabusi. Kiswahili tunachozungumza nyumbani husema kintu na bintu, husema bantu, na mtoto mdogo ni katoto, wengi tutoto. Kiswahili sanifu kinataka kitu na vitu, watu, kitoto na vitoto. Mwanafunzi akiandika bintu katika insha ya Kiswahili sanifu, mwalimu hupiga mstari mwekundu na mara nyingine hucheka. Lakini mwanafunzi huyo hajasahau sanifu. Amejibu kwa ile ya zamani, iliyoingia kabla hajajua kuandika, na ambayo bado anaitumia sokoni kila siku. Ni la zamani linaloziba jipya, sawasawa na katika jaribio la Underwood, ila hapa la zamani lina miaka 20 ya mazoezi. Kumwita mvivu ni kukosea ugonjwa, na aliyekosea ugonjwa hutoa dawa isiyofaa.

Kusoma tena kunatibu nini?

Dawa tunayoitumia sote ni kusoma tena. Inatibu hitilafu ya kwanza kidogo, kwa sababu kile kisichoingia jana huenda kikaingia leo. Lakini kwa hizo mbili nyingine haisaidii, kwa sababu rahisi. Ukiwa na silabusi mbele, jibu lipo kwenye karatasi. Huhitaji kulitafuta kichwani, wala kulichagua kati ya majirani. Unafanya mazoezi ya kutambua, na mtihani utakuuliza kuleta.

Mbaya zaidi, kusoma tena kunatupa uhakika wa uongo. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha mwaka 2006. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kifungu kifupi cha kusoma. Kundi moja lilikisoma vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu likaandika kila linachokumbuka kwenye karatasi tupu, bila kuonyeshwa kifungu. Walipopimwa baada ya dakika tano, wasomaji walishinda: asilimia 83 dhidi ya 71. Walipopimwa baada ya juma moja, mambo yaligeuka: wasomaji walibaki na asilimia 40, walioandika kwa kukumbuka wakabaki na 61. Na wasomaji ndio waliokuwa wametabiri kwamba watakumbuka vizuri zaidi.

Hapo niliona doa langu la chai. Kujua jedwali liko ukurasa gani ni kuufahamu ukurasa, si kuujua wingi wa icintu. Ufasaha ule wa macho unaopita juu ya mistari tuliyoichora kwa biki mbili ndio unaotupeleka mtihanini tukiwa tumetulia, na kutupeleka sesheni ya pili baadaye.

Njia za kutoka

Kuna jaribio jingine linaloeleza hitilafu ya kutoka. Mwaka 1966 Endel Tulving na Zena Pearlstone waliwapa wanafunzi wa sekondari orodha za maneno yaliyopangwa kwa makundi, kwa mfano wanyama au silaha. Baadaye wengine walipewa karatasi tupu, wengine karatasi yenye majina ya makundi. Waliopewa majina ya makundi walikumbuka maneno mengi zaidi, hasa orodha ilipokuwa ndefu. Wote walikuwa wamejifunza sawa. Maneno yalikuwamo kwa wote, lakini bila kidokezo hayakufikika.

Jambo hili wazee wa Waluba walilijua bila maabara. Lukasa ni ubao wa mti unaotoshea mkononi, wenye shanga, simbi na michoro. Ulitumiwa na watu wa chama cha Mbudye kusimulia historia ya wafalme, safari na mahali patakatifu. Lukasa hauna maandishi. Asiyefundishwa akiushika hapati kitu. Aliyefundishwa hupitisha kidole juu ya shanga, na kila shanga humwita tukio lake. Ni ubao wa vidokezo, na msimuliaji hujifunza kwa kusimulia, si kwa kuutazama. Watu husema kwamba kukariri kwetu chuoni ni urithi wa utamaduni wa mdomo. Mimi sikubali. Mzee wa lukasa alikuwa akitoa kilichomo kichwani mbele ya watu. Sisi tunatazama silabusi kimya kimya.

Nilivyobadilisha

Nilikuwa na wiki sita kabla ya sesheni ya pili. Sikuongeza saa za kusoma, kwa kuwa asubuhi nilikuwa nafundisha watoto wa jirani. Nilibadilisha mambo manne.

La kwanza, karatasi tupu. Nilisoma jedwali la lugha moja mara moja kwa makini, nikafunga, nikaliandika lote kwa kukumbuka, ndipo nikafungua kusahihisha. Kusahihisha si hiari. Ukijipima bila kuangalia jibu, kosa lako litazoea kukaa pale. Zile ibintu zangu nilizisahihisha kwa kuandika neno zima, si kiambishi peke yake, kwa sababu kiambishi kikiwa peke yake hakina sura ya kushika.

La pili, sikuanza na lugha mbili mpya siku moja. Kibemba nilikipa siku tatu mpaka niandike jedwali lake bila kosa, ndipo nikarudi kwenye Ciluba. Ukianza kwa kuchanganya, huna cha kulinganisha. Lakini kila lugha ikishasimama, lazima uzichanganye kwa makusudi, kwa sababu mtihani utazichanganya. Nilikata vikaratasi 40. Upande mmoja niliandika swali, kama «Kibemba, wingi wa kitu», upande wa pili jibu, kisha nikavichanganya kama karata. Siku ya kwanza nilikosa 17, na 11 kati ya hayo yalikuwa ya lugha jirani. Nilifurahi, kwa kuwa kosa lile nililikuta chumbani kwangu, si mtihanini.

La tatu, niliupa kila lugha mlango wake. Mwingiliano hupungua vidokezo vikitofautiana. Kwa Ciluba nilitafuta sauti ya mwenzangu wa nyumba moja anayetoka Kasai, na kila neno nilimwomba alitamke katika sentensi ya kwao. Siku moja nilimwambia kwa kujigamba «bifintu», akacheka: «Aa, yaya, hiyo unaitoa wapi? Kwetu ni bintu tu.» Sijaikosea tena. Kwa Kibemba nilishika lile jambo ambalo majirani wengine watatu hawana: irabu inayotangulia kiambishi. U-mu-ntu, a-ba-ntu, i-ci-ntu, i-fi-ntu. Nilipoiona ile irabu kuwa alama ya mlango, na f ikiwa mwenye nyumba, bi- ilikosa pa kuingilia. Vivyo hivyo kwa misimbo ya Guthrie: L31 ya Ciluba, L33 ya Kiluba cha Katanga na L35 ya Kisanga hukaa pamoja mtu akikumbuka kwanza kwamba L ni ukanda mmoja kwenye ramani, kisha M42 ya Kibemba inasimama upande wa mashariki yake. Namba tupu hugombana. Namba zenye mahali hazigombani sana.

La nne, nafasi kati ya vipindi. Kikaratasi nilichokipata sahihi nilikirudia kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma, kisha juma mbili. Nilichokosea kilirudi mwanzo. Nilianza pia kufanya zamu ya mwisho kabla tu ya kulala, na sikufungua somo jingine linalofanana baada yake. John Jenkins na Karl Dallenbach walionyesha mwaka 1924 kwamba silabi zilizokaririwa kabla ya usingizi husahaulika kidogo kuliko zile zilizokaririwa kabla ya saa zilezile za kukesha. Walieleza hivyo kwa kusema usingizi haumletei mtu mambo mapya ya kuingilia. Leo watafiti huongeza kwamba usingizi wenyewe huimarisha kumbukumbu. Kwa vyovyote vile, anayekesha usiku wa mtihani akipitia lugha tatu moja baada ya nyingine anajinyima faida zote mbili.

Kuna na neno juu ya redio. Katika nyumba za wanafunzi ukimya ni mgumu kupata, nami sihubiri ukimya. Muziki wa ala haunisumbui. Lakini maneno, hata ya lugha usiyoielewa, huingia katika ile sehemu ya sauti ya kumbukumbu tendaji na kuvuruga mpangilio unaojaribu kuushika. Anayekariri viambishi huku mtu akiimba pembeni anafanya kazi mbili kwa meza moja.

Njia hii ina mipaka yake. Vikaratasi vilinipa maumbo, havikunipa maelezo. Swali la «kwa nini ngeli ya 8 ina f katika Kibemba na b katika Ciluba» ni swali la historia ya sauti, nalo linataka kueleweka na kuelezwa kwa maneno yako, si kukaririwa. Pia njia hii inauma. Karatasi tupu inakuonyesha ujinga wako kila jioni, wakati silabusi inakubembeleza. Wiki ya kwanza nilitaka kuacha.

Sesheni ya pili nilipata 14 juu ya 20. Sisemi ni njia peke yake, kwa sababu kusoma kwa mara ya pili kuna faida yake. Lakini nilipanga makosa kama mara ya kwanza, na ya lugha jirani yalikuwa mawili kutoka sita.

Ninachowaomba walimu wetu

Wanafunzi hatuwezi kufanya yote. Kuna mawili ambayo walimu wangeweza kuyafanya bila pesa. Moja, dakika tano za mwanzo wa kila somo: maswali matatu ya somo la juma lililopita, na moja la mwezi uliopita, yaandikwe kwa kukumbuka, yasahihishwe palepale, yasihesabiwe alama. Leo tunapimwa mara moja au mbili kwa mwaka, na hapo kupimwa kunakuwa hukumu tu. Kungekuwa pia namna ya kujifunza.

La pili, ratiba. Mwaka jana masomo mawili ya sarufi ya lugha za ukanda wetu yalifuatana asubuhi moja, saa mbili kwa saa mbili, kwa silabusi zenye majedwali ya sura moja. Sidhani aliyepanga alikuwa na nia mbaya. Alitazama nafasi za ukumbi. Ila kuweka kati yake somo la fasihi au la Kifaransa kusingegharimu kitu.

Na kwa wenzangu nina ombi moja dogo. Karatasi ikirudi, msiitupe kwa uchungu. Pembeni ya kila kosa andikeni namba: 1 kama halikuingia, 2 kama halikutoka, 3 kama alitoka jirani. Inachukua robo saa. Ya kwangu ya kwanza bado ninayo ndani ya silabusi, kwenye ukurasa ule wenye doa la chai, na karibu na ibintu kuna 3 kubwa niliyoiandika kwa biki nyekundu.